Uzi: Kuoka vichwa vizima vya kitunguu saumu na nyanya kwenye oveni ya gesi, saumu inaungua nyanya zinaogelea maji

mama_wawili_Sakina
Wadau habari za jioni. Naomba tusaidiane hapa kwenye kuoka saumu nzima nzima pamoja na nyanya, ile mpaka saumu inalainika ukiiminya inatoka yenyewe na nyanya zinanywea zinakuwa tamu. Nilionjeshwa na dada mmoja mwenye kamgahawa huku Arusha, alikuwa amepaka kwenye mkate na nyingine kaiweka pembeni ya nyama choma, ule ukali wa saumu haupo kabisa yani, ni utamu tu.

Sasa jiko langu ni lile la plate nne lenye oveni ya gesi chini, kitufe cha kuzungushia moto hakina namba za digrii, kina mstari mwembamba na mstari mnene tu basi. Napanga kila kitu kwenye trei moja, nyanya nimekata mbili mbili, saumu katikati, mafuta ya alizeti na chumvi, naweka moto wa kati. Baada ya saa moja nyanya zinaogelea kwenye maji yake, saumu kwa chini nyeusi na chungu, halafu punje za katikati bado zinauma meno. Saumu ni hizi ndogo za Mbulu na nyanya nachukua sado pale Kilombero. Tatizo liko wapi, ni moto, ni muda au ni saumu yenyewe?

dogo_kaloleni
Dada hiyo simple sana, moto wako mdogo. Pandisha mpaka mwisho, saumu inataka moto mkali ndo ule ukali unakufa. Mi nimeona jamaa anaweka oveni mwisho kabisa dakika 25 inatoka brauni safi. Na nyanya maji yatakauka yenyewe moto ukiwa mkubwa.

bibi_Tausi
Kitunguu saumu dawa ya presha mwanangu usikioke utaua dawa yake. Unatwanga punje mbili unaacha kidogo unakunywa na maji vuguvugu asubuhi. Mimi natumia hivyo.

mama_wawili_Sakina
Shikamoo bibi. Asante, ila mimi naulizia ya kula mezani sio ya dawa.

bibi_Tausi
Marahaba. Haya basi, lakini usiache kunywa.

mzee_wa_jikoni
Mama wawili, nimekaa majiko ya hoteli za Arusha muda mrefu na hili swali ni zuri, ngoja niandike kwa kituo.

Kwanza elewa kwamba kwenye hiyo trei una vitu viwili vinavyotaka mambo tofauti kabisa. Nyanya karibu yote ni maji, kazi yako ni kuyafukuza, kwa hiyo inataka hewa kavu na nafasi. Saumu maji yake ni machache, kazi yako ni kuyazuia yasitoke mpaka imelainika, kwa hiyo inataka kufunikwa. Ukiviweka pamoja wazi, saumu inakauka kabla haijaiva na nyanya inaipulizia mvuke jirani yake, kila mmoja anamharibia mwenzake. Ndo maana unapata chini nyeusi na katikati ngumu. Kuongeza moto peke yake hakutatibu hilo.

Dogo yuko sahihi kwamba moto ndio unaoua ule ukali, ila sio lazima uwe mkali. Iko hivi: punje nzima ambayo hujaikata hebu inuse, hainuki sana. Ukali unazaliwa pale unapoiponda, maana ndani yake kuna kitu kimoja kimekaa chumba chake na kimeng'enya kimekaa chumba kingine, ukiponda kuta zinavunjika vinakutana na ule ukali unatokea papo hapo. Moto ukishaingia mpaka katikati ya punje, kabla hata maji hayajachemka, kimeng'enya kile kinakufa. Baada ya hapo ponda utakavyo ukali hauzaliwi tena. Hii ndio sababu ya kuoka kichwa kizima na sio kusaga kwanza. Ukisaga ndio uoke, ukali umeshatoka na zile chembe ndogo zinaungua haraka, uchungu tu.

Na utamu haujatoka mbinguni. Saumu ina sukari nyingi iliyoungana kwenye minyororo mirefu, ulimi hauioni kama sukari. Ikikaa kwenye joto na unyevu kwa muda, baadhi ya ile minyororo inakatika na utamu unaanza kuonekana, na kwa vile ukali umeondoka hakuna kitu kinachoufunika. Hapo ndipo muda unapoingia. Dakika 25 za dogo zinakupa rangi nje, ndani bado.

dogo_kaloleni
Shikamoo mzee. Sawa nimekuelewa, ila mbona ile niliyoona ilikuwa laini?

mzee_wa_jikoni
Marahaba. Inawezekana zilikuwa punje zilizomenywa zimezama kwenye mafuta, hizo zinaiva haraka. Kichwa kizima na maganda yake ni habari nyingine.

mangi_wa_Kibosho
Samahani naingilia uzi. Mimi huku Moshi nilioka saumu na nyanya pamoja kwenye bakuli la udongo lenye kifuniko moto wa taratibu, kufungua nakuta punje kadhaa zimekuwa za kijani kibichi nyingine zinaenda bluu kabisa. Nikamwaga zote nikajua kuna dawa za shambani. Kuna mtu imemtokea?

mzee_wa_jikoni
Mangi pole, ulimwaga chakula kizuri. Hiyo sio dawa. Saumu ikikutana na asidi, na nyanya ina asidi, kwenye joto la polepole, vitu vyake vyenye salfa vinashikana na vingine vya protini na kutoa hiyo rangi. Inatokea zaidi kwa saumu iliyokaa kwenye baridi muda mrefu, zile za kwenye vyumba vya baridi au ulizoweka friji nyumbani. Haina madhara, ladha ni ile ile. Usipotaka kuiona, oka saumu kwenye foili yake peke yake uzikutanishe na nyanya mwisho.

mangi_wa_Kibosho
Duh. Na nilikuwa nimeziweka friji kweli. Asante mkuu.

mama_wawili_Sakina
Mzee asante sana, sasa nipe vipimo nifanyeje na hili jiko langu lisilo na digrii. Na saumu za Mbulu au nitafute zile kubwa nyeupe za China?

mzee_wa_jikoni
Tuanze na jiko maana hilo ndilo litakusumbua kuliko saumu. Kwenye majiko haya moto uko chini tu na bati la chini linapata joto kuliko hewa. Trei yako ukiiweka karibu na chini unakaanga, huoki. Weka trei tupu ngazi ya chini kabisa iwe kama ngao, halafu trei ya chakula ngazi ya juu au ya kati. Hilo peke yake litaondoa weusi wote wa chini.

Kujua joto bila kipimajoto, chukua kijiko cha sukari nyeupe weka kwenye kipande cha foili, washa oveni dakika 20 ipate moto kwanza, ndio uingize ile sukari uiache dakika 15. Sukari inayeyuka kwenye digrii 186. Ikiyeyuka, umepita hapo na kwa kazi yetu ni moto mwingi, rudisha kitufe nyuma. Isipoyeyuka uko chini yake. Tafuta alama kwenye kitufe pale ambapo sukari inaanza tu kuyeyuka, uichore na kalamu, halafu rudi nyuma kidogo, utakuwa kwenye 160 hivi. Hapo ndipo tunapotaka.

Sasa kazi yenyewe. Chukua kilo moja na nusu ya nyanya zile ndefu ndefu zenye nyama, za Ngarenanyuki huwa zinafaa sana, zile za duara zenye maji mengi zinachosha gesi. Kata mbili kwa urefu. Usitoe mbegu, ule utelezi unaozunguka mbegu ndio wenye ladha nyingi kuliko hata nyama yake. Panga uso uliokatwa ukiangalia juu, kila kipande kisigusane na mwenzake, zikikubana tumia trei mbili. Nyanya zilizobanana zinachemshana. Chumvi kijiko kidogo kimoja kwa zote, mafuta vijiko viwili vikubwa, basi. Nyanya uziweke moja kwa moja kwenye trei ya enameli au ya kioo, usitandike foili chini yake, asidi ya nyanya inakula foili mpaka inatoboka na unapata ladha ya bati.

Saumu vichwa sita. Ondoa maganda ya nje yanayopeperuka tu, acha yale yanayoshika punje. Kata kwa juu kiasi cha kuona vichwa vya punje. Mwagia mafuta kidogo na matone ya maji, kama kijiko kimoja kikubwa kwa vichwa vyote sita, halafu funga kwa foili uikunje vizuri mvuke usitoke.

Vyote vinaingia pamoja, foili inakaa kona ya ngazi hiyo hiyo. Nyanya zitakaa kama saa mbili. Saumu ndogo za Mbulu anza kuangalia kwenye dakika 50, hizo kubwa za China mpe saa moja na robo. Unaangalia hivi: shika na kitambaa uminye foili kwa juu, ikibonyea kama parachichi lililoiva imeshalainika. Ikiwa bado kuna punje inakataa, funga tena, ongeza tone la maji. Ikishalainika zote ndio ufungue foili kwa juu uache dakika 15 wazi. Hiyo ndiyo inayoleta rangi ya kahawia na harufu. Ukianza na rangi kabla ya ulaini umepoteza, maana punje iliyokauka hairudi kuwa laini hata uifunike masaa.

Kuhusu Mbulu au China, mimi nachukua Mbulu. Punje ndogo ni usumbufu kuminya lakini ladha iko juu. Kwa biashara mtu anatumia kubwa kwa sababu ya kuokoa muda, simlaumu.

shangazi_Majengo
Mimi naoka sana ila naona nyanya uso uangalie chini ndo ganda linavimba unalivuta linatoka lote. Juu juu zinabaki na maganda yanakera mdomoni.

mzee_wa_jikoni
Shangazi ukitaka za kusaga kwenye bleda ya mchuzi, chini sawa, ganda linatoka kirahisi kweli. Ila maji yanafungiwa chini ya nyanya, hayatoki, kwa hiyo hazinywei na ule utamu hauji. Utamu wa nyanya hauongezeki, ni ule ule ila maji yamepungua. Maganda unaweza kuyavuta mwishoni zikipoa.

shangazi_Majengo
Mm mimi bado naona zangu tamu. Labda ni nyanya za huku.

dogo_kaloleni
Mzee saa mbili za gesi?? Mtungi utaisha bana. Si bora moto mkali nusu saa kwa nyanya angalau.

mzee_wa_jikoni
Inawezekana, kwenye 200 zinatoka baada ya dakika 45 hivi, zinapata kona zilizoungua kidogo na katikati bado na majimaji. Kuna watu wanazipenda hivyo kwa sosi na mimi sizikatai. Ila za kupaka kwenye mkate nataka zile za polepole, kona zimejikunja zimekolea wekundu, katikati bado na unyevu, na kwenye trei hakuna dimbwi, kuna urojo tu kidogo unaoshika kijiko. Hilo dimbwi ndio kipimo chako. Likiwepo hata kama saa mbili zimeisha bado hazijawa.

Na jambo moja kuhusu gesi, gesi ikiungua inatoa mvuke wa maji, kwa hiyo oveni ya gesi ndani ina unyevunyevu kuliko ya umeme. Fungua mlango mara moja kila nusu saa mvuke utoke, funga haraka. Aliyezoea oveni ya umeme akihamia gesi anaona nyanya zinachelewa na hajui kwa nini.

Kuokoa gesi, mimi nazipanga siku ya kuoka mkate au keki. Mkate ukitoka oveni bado ina moto, unapunguza moto unaingiza nyanya.

mwalimu_Tengeru
Nasoma kwa makini hapa. Naongezea kitu kidogo, sisi Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye digrii 95 hivi sio 100. Ndani ya ile foili saumu haiwezi kupata joto zaidi ya maji yake yanapochemkia mpaka yapungue. Je hiyo ndio sababu vipimo vya kwenye video za watu wa Ulaya huku vinapelea? Video zinasema dakika 40 mimi huwa sipati.

mzee_wa_jikoni
Mwalimu hoja yako ina ukweli, na maharage yanatuonyesha kila siku. Lakini kwa saumu naona ni dakika chache tu. Tofauti kubwa ni majiko yetu, video inasema 200 na oveni yako labda inatoa 160 huku kitufe kikionyesha mwisho. Pima na sukari kwanza.

mwalimu_Tengeru
Kwa hiyo hapa hatuwezi kujua ni ipi inachangia zaidi mpaka mtu wa Arusha na mtu wa pwani waoke wakiwa na kipimajoto kile kile. Nitamuomba shemeji yangu wa Tanga.

mangi_wa_Kibosho
Na tusio na oveni je? Nina jiko la mkaa na sufuria kubwa.

mzee_wa_jikoni
Saumu inawezekana vizuri kabisa mangi. Sufuria zito, mchanga mkavu au chumvi ya mawe chini kiasi cha vidole viwili, juu yake foili yenye vichwa, kifuniko, mkaa kidogo chini na makaa machache juu ya kifuniko kama unavyooka keki. Makaa ya juu yasizidi. Geuza foili katikati ya safari. Nyanya kwa njia hiyo zinakuwa rojo, kifuniko kinarudisha maji yake yote, sikushauri.

shangazi_Majengo
Haya na kuhifadhi je. Mimi nazijaza kwenye chupa, punje za saumu zilizookwa namwagia mafuta mpaka juu nafunga, zinakaa kabatini hata mwezi mafuta yananukia vizuri. Mafuta yanazuia hewa haziozi.

mzee_wa_jikoni
Shangazi hapo naomba tusimame kidogo, hapa sio suala la ladha. Ni kweli mafuta yanazuia hewa, na hiyo ndiyo hatari yenyewe. Kuna bakteria anaishi kwenye udongo, saumu inatoka udongoni, mbegu zake zinavumilia joto la kuoka tulilolisema hapa. Akikaa mahali pasipo na hewa, pasipo na asidi na penye joto la chumba, anazaliana na anatoa sumu ya botulini inayopooza misuli mpaka ya kupumulia. Na hainuki, haibadilishi rangi, huwezi kuijua kwa kuonja. Saumu ndani ya mafuta kabatini ni mazingira aliyoandaliwa kabisa.

Saumu ya kwenye mafuta weka friji siku hiyo hiyo, itumie ndani ya siku 4, inayobaki friza. Ile ya kabatini naomba umwage na usionje kwanza.

shangazi_Majengo
Mbona nimekula zaidi ya mara moja na niko salama.

mzee_wa_jikoni
Namshukuru Mungu uko salama shangazi, sio kila chupa inakuwa na hao wadudu. Ila ile moja itakayokuwa nayo haitakupa dalili mezani. Mimi jikoni kwangu sikumruhusu mtu yeyote kuacha chupa ya hivyo nje ya friji.

mama_wawili_Sakina
Na umeme ukikatika siku nzima? Huku kwetu hiyo ni kawaida.

mzee_wa_jikoni
Ndio maana napenda friza. Ponda saumu iliyookwa, weka kwenye vile vitrei vya barafu, ikiganda hamishia kwenye mfuko. Kibonge kimoja ni cha mboga moja. Friza iliyojaa usipoifungua inashikilia baridi kama siku mbili. Ukikuta vimeyeyuka kabisa na vimepata joto la chumba, usivirudishe. Nyanya hivyo hivyo, zigandishe bapa kwenye mfuko.

dogo_kaloleni
Mzee kwani nyanya si zina asidi, hizo si zikae nje tu na mafuta?

mzee_wa_jikoni
Zina asidi ndio, ila sio nyanya zote zina asidi ya kutosha, na ukichanganya na saumu unaipunguza zaidi. Friji tu.

mama_wawili_Sakina
Wadau nimerudi. Leo nimefanya kama mzee alivyosema, trei tupu chini, sukari ikaanza kuyeyuka kitufe kikiwa kimepita nusu kidogo, nikakirudisha nyuma kidogo. Saumu za Mbulu foili nimeifungua kwenye dakika 50, punje za nje laini, mbili tatu za katikati bado ngumu, nikafunga tena dakika kama 15 zikawa tayari, nikaacha wazi. Zimetoka za kahawia hafifu, nimeminya zote zimejaa kama kikombe cha kahawa hivi. Hakuna uchungu. Mtoto mdogo amekula na chapati bila kusema neno na huyu saumu huwa anaitoa kwenye sahani.

Nyanya nilitumia trei mbili, ya juu imetoka vizuri sana kona zimejikunja, ya chini yake ilibaki na dimbwi mpaka saa mbili na nusu. Nilikuwa nafungua mlango kila nusu saa. Hapo nifanyeje?

mzee_wa_jikoni
Safi sana mama. Trei ya chini inapata mvuke wa kwake na joto la hewa halizunguki vizuri pale katikati. Saa moja ikipita zibadilishane nafasi na uzigeuze, upande wa nyuma uje mbele. Na acha nafasi ya vidole viwili kati ya trei na ukuta wa oveni pande zote, trei ikiziba ukuta hadi ukuta hewa ya moto haipandi. Kama bado dimbwi lipo, mimina yale maji kwenye kisufuria uyachemshe pembeni mpaka yawe mazito halafu uyarudishe juu ya nyanya, usiyamwage.

shangazi_Majengo
Nimemwaga ile chupa. Ila uso wa nyanya mimi nitaendelea kuangaliza chini.